Roboti ya oda inaweka nini, na mteja akisema futa kinafutika nini?

Swali: *Assalaam alaykum maalim. Nina roboti ya WhatsApp inapokea oda za biriani na keki hapa Wete. Juzi mteja kaniuliza namba yake na lokesheni yake naviweka wapi na akitaka vifutwe afanye nini, nikakosa jibu. Nimeandika hivi: "Tunathamini faragha yako. Taarifa zako ziko salama na hatumpi mtu yeyote. Unaweza kuzifuta wakati wowote." Inatosha? Sitaki liwe refu watu wakakimbia. Roboti inaendeshwa na n8n, oda zinaandikwa Google Sheets, lokesheni namtumia boda kwa simu yangu.*

Waalaykum salaam dada yangu. Urefu hauna tatizo, tena naona umejitahidi kufupisha, tatizo ni kwamba katika sentensi zako tatu ile ya kwanza haimwambii mteja kitu chochote, ya pili si kweli na ya tatu bado hujaijenga. Unasema hatumpi mtu yeyote na hapohapo chini unanambia lokesheni unamtumia boda. Boda si mtu? Mteja wako siku ataona boda kaja mpaka mlangoni bila kuuliza njia atajua tu kuwa kapewa, na hapo hata yale mengine uliyosema kweli hatoyaamini.

Kwa hiyo weka kalamu chini kwanza. Tangazo la namna hii huandikwa mwisho, baada ya kuifuata oda moja tangu inaingia mpaka inatoka, ukaona kila pahala ilipodondosha kitu. Tuifuate pamoja. Tuseme kuna mtu wa Limbani, alkhamisi usiku kaandika "nataka biriani sahani 4 kesho saa 7 mchana", akatuma na voisi kueleza pilipili iwe mbali, akatuma na lokesheni.

WhatsApp inapoileta meseji ile kwenye n8n yako haileti maneno peke yake. Inaleta namba ya simu kwenye `from`, inaleta jina alilojiwekea mwenyewe kwenye WhatsApp chini ya `profile`, saa aliyotuma, na ile lokesheni inakuja kama namba mbili, `latitude` na `longitude`, ambazo ukizibandika kwenye ramani zinakupeleka mpaka uwani kwake. Angalia hilo la jina, wewe hukumuuliza na yeye hajakupa kwa kujua, limekuja lenyewe, na watu wengine hujiandika "Mama Fulani" au jina la duka lao, sasa hilo ndio jambo la kwanza ambalo tangazo lako lazima litaje kwa sababu mteja hawezi kulibahatisha. Voisi yenyewe haiji kama sauti, inakuja kama namba ya kuichukulia, ukiwa umeiamrisha n8n iipakue na kuiweka Google Drive basi una pahala pengine pa kufuta, ukiwa unaisikiliza tu kwenye simu na hupakui, hapo huna kitu cha ziada. Mie ningekushauri usipakue, pilipili mbali si jambo la kuwekewa kumbukumbu.

Sasa oda ile imelala wapi? Wewe utasema kwenye Sheets. Kweli, ila haikulala hapo tu, na hapa ndio watu wengi wanapoahidi wasichoweza.

Anza na hiyo Sheets. Ukiifuta mistari ya mteja leo, kwenye skrini haipo tena, lakini fungua File, nenda Version history, See version history, rudi kwenye nakala ya jana, utamkuta yule wa Limbani kakaa vilevile na namba yake na sahani zake 4. Google wanaweka historia ya mabadiliko na hakuna kitufe cha kuondoa mstari mmoja ndani ya historia hiyo. Namna ya kuiondoa ni kufuta faili lote, na faili ukilifuta linakwenda kwenye Trash ya Drive linakaa siku 30 ndio linaondoka lenyewe, isipokuwa uingie mwenyewe ukalimwage. Kwa hiyo mtu mwenye daftari moja la Sheets tangu alipofungua biashara, akisema "tumefuta", kafuta kwenye ukurasa wa mbele tu.

Dawa yake haihitaji kuhamia kwenye databesi ya mabingwa. Fungua faili jipya kila mwezi, oda za Aprili zina faili lao, za Mei zina lao, na ukifika mwisho wa mwezi unaofuata unalifuta lile la zamani na kuimwaga Trash siku hiyohiyo. Faili la Machi linafutwa 30 Aprili, la Aprili linafutwa 31 Mei. Hivyo hata oda ya tarehe mosi haikai zaidi ya miezi 2, na historia yake inakufa pamoja na faili. Mteja akisema futa katikati ya mwezi, mstari wake unaufuta papo hapo, na kile kivuli kilichobaki kwenye historia unajua hasa tarehe kitakapoondoka, unaweza kumtajia. Hiyo tarehe ndio inakufanya uwe mkweli bila ya kuandika maelezo ya ukurasa mzima.

Utaniuliza, na lokesheni za wateja wa kila siku je, si zitapotea? Zipotee. Muombe kila oda, kutuma lokesheni ni kubonyeza mara chache tu, na watu wenyewe huhama, leo anakula kwake kesho anataka ipelekwe kwa mamake Konde. Tena kuna hili la laini, namba iliyoachwa bila kutumika muda mrefu kampuni ya simu huigawa kwa mtu mwingine, sasa umeweka daftari la miaka miwili, mwenye laini mpya anaandika "salaam" na roboti yako inamjibu "karibu tena Mama Fulani, tukuletee palepale nyuma ya skuli?" Umeshamtangazia mtu asiyekuhusu nyumba ya mtu.

Pahala pa pili ni n8n yenyewe, na hapa mtu husahau kwa sababu hakuna aliyeamua kuweka kitu. Kila meseji ikipita, n8n inaweka rekodi ya mpito ule, kule kwenye Executions, na ukiufungua unaona pakiti nzima ilivyokuja, namba, jina, maneno, lokesheni. Ukiwa umeiweka kwenye seva yako mwenyewe, kwa kawaida yake rekodi hizo zinakaa saa 336, yaani siku 14, ndio zinaanza kusafishwa. Wewe huhitaji siku 14, hitilafu ya roboti ya biriani utaijua siku hiyohiyo kwa kelele za wateja. Ipunguze iwe wiki moja:

```
EXECUTIONS_DATA_PRUNE=true
EXECUTIONS_DATA_MAX_AGE=168
```

Na kwenye Settings za workflow yenyewe kuna sehemu imeandikwa Save successful production executions, hiyo waweza kuiambia isihifadhi kabisa, ibaki kuhifadhi zile zilizokwama tu ambazo ndizo unazohitaji kuzitazama. Kuna kichekesho hapa ukitazama vizuri, meseji ya mteja anayeomba kufutwa nayo ni meseji, inaingia n8n na namba yake ndani, kwa hiyo ukifuta kila kitu lakini rekodi ziko wazi, kule kufuta kwenyewe kumemuandika upya. Ukiweka hivyo nilivyosema haikusumbui.

Pahala pa tatu ni simu ya boda, na hapa hakuna mpangilio wa roboti wa kukusaidia. Umemtumia lokesheni na namba kwenye chati yake, mteja akisema futa wewe huna mkono wa kufika kwenye simu ya mtu. Kama unatuma kwenye grupu la maboda wote, acha leo, mtumie yule anayepeleka tu. Kwenye chati yako na yeye washa zile meseji za kujifuta zenyewe, WhatsApp wanatoa saa 24, siku 7 au siku 90, weka saa 24, chakula kimefika meseji imeondoka. Haimzuii mtu kupiga skrinshoti wala kuhifadhi namba, lakini angalau hulimbikizi nyumba za watu wa Wete nzima kwenye simu ambayo kesho itauzwa. Na kwa kuwa haimzuii, tangazo liseme kuwa boda anaonyeshwa, lisijifanye kuwa boda hayupo.

Halafu kuna malipo. Hapo dada usiahidi kufuta, hesabu za biashara unatakiwa uziweke kwa ajili ya kodi, muda wake mhasibu wako atakwambia. Unachoweza kufanya ni kuzitenga, faili la Malipo liwe mbali na lisiwe na jina wala namba ya simu wala mahala, liwe na tarehe, kiasi na namba ya muamala, basi. Mtu akifutwa, hesabu yako inabaki sawa na yeye hayumo.

Ushaona sasa kwa nini nilikwambia tangazo ni la mwisho? Ukishapanga hivi, maneno yanakuja yenyewe. Mie ningeandika:

> Karibu! Hii ni roboti ya oda, inajibu yenyewe. Tunaweka namba yako, jina lako la WhatsApp, oda yako na mahala pa kukuletea, ili chakula kikufikie. Boda anaonyeshwa namba na mahala pako siku ya kuleta. Oda tunazifuta ndani ya miezi 2. Ukitaka tufute mapema andika FUTA TAARIFA wakati wowote. Hesabu ya malipo inabaki bila jina lako.

Hayo ni maneno kama hamsini na kitu, kwenye simu ndogo yanakaa bila kusukuma skrini. Hakuna "tunathamini faragha yako", kwa sababu sentensi hiyo hata anayeuza namba za watu anaiandika. Hakuna "ziko salama" kwa sababu hujui, siku simu yako ikiibiwa Darajani na Sheets iko wazi ndani yake hazipo salama. Kila kilichoandikwa pale mteja anaweza kukuuliza "nioneshe" na ukamuonesha.

Na usije ukaongeza kwamba meseji ni siri baina yake na wewe tu. Najua inavutia, watu wamezoea kile kikufuli cha WhatsApp, ila roboti inayotumia Cloud API, njia ya WhatsApp ya kuunganisha roboti, meseji zake zinapita na kufunguliwa kwenye seva za Meta wenye WhatsApp ndio zikufikie, na wao huziweka kwa muda hadi siku 30 ili huduma ifanye kazi. Huwezi kufuta kwao kwa niaba ya mtu. Tangazo lako liseme "tunaweka" kwa maana ya wewe, usimsemee mwengine. Na kama siku utaunganisha huduma ya nje ya kugeuza voisi kuwa maandishi, hapo sauti ya mteja inakwenda kwa kampuni nyingine, itaje kwa sentensi moja kabla hujaiwasha, si baada.

Liwekwe wapi? Wengine wanasubiri mpaka kwenye kuomba lokesheni, mie naona wamechelewa, maana namba na jina vimeshaingia tangu "salaam" ya kwanza. Liwe kwenye jibu la kwanza kabisa kwa namba ambayo roboti haiijui, meseji hiyohiyo na menyu chini yake, mara moja tu. Ukilirudisha kila siku mtu ataacha kulisoma na utakuwa umemchosha bure. Pale unapoomba lokesheni ongeza maneno machache tu, "tunaitumia kukuletea oda hii", yatosha. Ukilibadilisha tangazo, hapo lioneshe tena kwa kila mtu mara moja.

Chini yake weka vitufe. WhatsApp inakubali vitufe vya majibu visivyozidi 3 kwa meseji, na maandishi ya kila kitufe yasizidi herufi 20 pamoja na nafasi, meseji yenyewe isizidi 1024. "Futa taarifa zangu" ni herufi 18, inaingia. "Naomba kufuta taarifa zangu" haiingii na meseji nzima itarudishwa, usishangae roboti ikanyamaza kimya.

```json
{"type": "reply",
 "reply": {"id": "futa_taarifa",
           "title": "Futa taarifa zangu"}}
```

Lakini kitufe peke yake hakitoshi hata kidogo. Kitufe kinabaki kwenye meseji ya siku ya kwanza, miezi miwili baadaye kiko juu huko hakuna wa kukitafuta, ndio maana tangazo linasema andika FUTA TAARIFA na maneno hayo lazima yafanye kazi siku yoyote, mtu akiwa katikati ya oda, mwanzo, mwisho, akiandika kwa herufi kubwa au ndogo, akiweka nukta, akiandika "futa taarifa zangu tafadhali".

Hapo kuna mtego mmoja wa kwetu hasa. Mteja akiandika "futa" peke yake anataka nini? Mara nyingi anataka oda ya kesho isimame, wageni hawaji tena. Ukiichukua ile kama amri ya kufuta taarifa, umemfuta mtu na oda yake labda bado iko jikoni, na ukiichukua kama kughairi, yule aliyetaka kufutwa anadhani kafutwa kumbe bado. Usibahatishe. Ikija "futa" tupu, au "nifutie", au "ifute", roboti iulize "Unataka nini?" na vitufe viwili, "Ghairi oda yangu" na "Futa taarifa zangu". Hilo moja litakuepusha na ugomvi mwingi kuliko sheria zote.

Na akichagua kufuta taarifa usifute papohapo, mpe uthibitisho unaosema kinachoondoka na kinachobaki. Tuseme ni tarehe 10 Aprili:

> Ukikubali tunafuta sasa hivi namba yako, jina, oda zako na mahala pako. Vinabaki: hesabu ya malipo (tarehe, kiasi na namba ya muamala), na nakala ya zamani ya daftari ambayo inafutwa tarehe 31 Mei. Tufute?

Vitufe "Ndio, futa" na "Hapana, acha". Ile tarehe roboti iitoe yenyewe, ni mwisho wa mwezi unaofuata mwezi tuliomo, n8n inajua kalenda. Kama ana oda ambayo haijafika, roboti imwambie "una oda ya kesho saa 7, tuighairi na kufuta leo, au tufute ikishafika?" Usiache boda yuko njiani Mtambwe na mahala pa kupeleka pameshafutika kwenye daftari.

Kufuta kwenyewe kufanywe na roboti hapohapo, kusikungoje wewe. Si adabu tu, kuna sababu ya kiufundi. WhatsApp inakuruhusu kumjibu mteja kwa meseji ya kawaida ndani ya saa 24 tangu alipokuandikia mara ya mwisho. Ukipita muda huo lazima utumie templeti iliyokwisha kubaliwa. Sasa mtu kaomba ijumaa, wewe uko kwenye harusi Chake, umefuta jumapili jioni, unataka kumwambia "tayari" na meseji inakataa kwenda. Yeye anajua umempuuza. Roboti ikifuta palepale na kujibu palepale "Tayari, tumefuta. Ukituandikia tena tutakuchukua kama mteja mpya", jambo limekwisha. Na baada ya hapo usiweke orodha ya namba za waliofutwa, nimeona watu wanaiweka kama ushahidi, hiyo si kufuta, hiyo ni kumuhamisha mtu daftari. Andika tarehe na idadi tu.

Kuna kitu watu hukichanganya sana na sentensi moja kwenye jibu la mwisho inakiweka sawa. Mteja akifuta chati kwenye simu yake, kwako hakijafutika kitu. Na kinyume chake, ukifuta wewe, chati bado iko kwenye simu yake na yeyote anayeishika simu ile anaiona. Kwetu simu moja ya nyumba hutumiwa na mke, mume, na mtoto anayechezea katuni, na mtu anayeagiza keki ya siri hataki jambo hilo lijulikane kabla ya siku. Kwa hiyo ongeza "Chati iliyomo kwenye simu yako utaifuta mwenyewe." Kwa sababu hiyohiyo usimuulize mtu maswali ya kuhakikisha kama kweli ni yeye, aliyeshika namba ndiye, na kufutwa oda za biriani hakumdhuru mtu. Ingekuwa roboti ya hospitali ningesema vingine.

Sheria nayo nitaje kwa ufupi. Ipo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, imeanza kutumika 1 Mei 2023, inasimamiwa na Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi. Kwa Zanzibar inafika ila haigusi yale yasiyo ya Muungano, kwa hiyo suala la usajili wako waulize Tume wenyewe usisikilize vijiwe. Kwa upande wa tangazo, msingi wake ni mtu ajue kabla hujachukua kwamba unachukua kwa ajili gani na nani mwengine atapewa, na hayo yote mawili yamo kwenye lile la juu.

Kabla hujaliwasha, lijaribu. Chukua simu ya mdogo wako, aagize, atume lokesheni, muamala upite kama kawaida, halafu aandike FUTA TAARIFA. Kisha wewe kaa uitafute namba yake kila pahala, Sheets, faili la Malipo, Drive, Executions, simu ya boda. Itafute kwa sura zake zote, na hapa ndipo zinaponasa nyingi, WhatsApp inaleta namba ikianza na 255 bila ya alama ya kujumlisha, wewe ulipoandika oda ya mtu aliyekupigia uliandika ikianza na 0, na Sheets ukiiacha ichukulie kama hesabu inaila ile sifuri ya mwanzo. Namba moja ina sura tatu kwenye daftari moja, roboti inafuta sura moja na kusema tayari. Isafishe namba wakati wa kuingiza, zote zianze na 255, safu iwe ya maandishi na si ya hesabu, na zile za kuandika kwa mkono zipite kwenye fomu inayozigeuza. Halafu rudia jaribio, safari hii mpe mtu asiyejua kitu umsomee tangazo mara moja, uliondoe, umuulize boda anajua nini na hesabu ya malipo inabaki na nini. Akikosa moja, sentensi hiyo ndio ya kuandika upya, zile nyingine ziache.